Barua ya kusindikiza vyeti vya kutafsiriwa: uandike kwa aya, kwa orodha, au utume wasap tu?

Mimi kazi yangu ni kutafsiri hati, nipo hapa Dodoma mjini, na karibu kila mtu anayeniletea vyeti anakuja na aina moja kati ya tatu za maelezo. Wa kwanza anatuma picha wasap halafu anaandika "naomba unitafsirie hizo". Wa pili anaandika barua ya aya kama zile tulizofundishwa shule, na wa tatu analeta barua yenye orodha, kila hati na mstari wake. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya yule anayejiandaa kupeleka vyeti, iwe kwa mtafsiri binafsi, iwe kwa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) ambalo lipo tangu 1967 na linatafsiri na kuthibitisha tafsiri, kwa sababu hapo kwenye hiyo karatasi moja ya juu ndipo watu wengi wanapoteza wiki nzima na wanaishia kulipia mihuri ambayo hakuna aliyewaomba.

Nianze na ile ya aya maana ndiyo ya wengi. Kwa kawaida inakuja hivi:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba kutafsiriwa na kuthibitishiwa vyeti vyangu kwa ajili ya safari ya nje ya nchi. Nimeambatisha vyeti vyote muhimu. Natarajia kusafiri hivi karibuni, hivyo naomba vishughulikiwe kwa haraka. Natanguliza shukrani."

Adabu ipo, Kiswahili ni kizuri, lakini ukikaa mezani na hiyo barua huwezi kuanza kazi. Vyeti vyote muhimu ni vingapi? Bahasha ikifika na karatasi tano nitajuaje kama zilitumwa tano au zilitumwa sita na moja imebaki kwenye mashine ya fotokopi steshenari? Safari ya nje ni ya kwenda wapi, na huko nani atazisoma, ofisi ya viza, chuo au mwajiri? Hivi karibuni ni lini? Na kubwa kuliko yote, hapo kwenye "kuthibitishiwa" anataka kitu gani hasa, maana kuna kazi tatu tofauti kabisa na zinafanywa na watu tofauti. Wakili anagonga muhuri kwenye fotokopi kusema hii ni nakala halisi ya hati ya asili, hajasema lolote kuhusu tafsiri. Mtafsiri au baraza anatoa tamko kwenye tafsiri kwamba inalingana na hati. Halafu kuna Wizara ya Mambo ya Nje, ambayo inathibitisha saini na muhuri wa aliyetangulia, yaani kwamba aliyesaini anatambulika, na yaliyomo ndani ya cheti hayo haiyathibitishi. Mtu akiandika tu nithibitishieni, anayepokea inabidi abahatishe, na akibahatisha vibaya gharama ni za mwenye vyeti.

Ndiyo maana mimi sababu ya kutafsiri naiona kubwa kuliko orodha yenyewe. Chukua Uingereza: kwa maombi ya viza ya kuingia, hati isiyo ya Kiingereza wala Kiwelishi inatakiwa iende na tafsiri kamili, na kwenye tafsiri kuwe na tamko la mtafsiri kwamba ni tafsiri sahihi ya hati ya asili, tarehe ya tafsiri, jina kamili la mtafsiri na saini yake, pamoja na mawasiliano yake. Basi. Marekani kwenye maombi ya uhamiaji wanataka mtafsiri atamke kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba yeye ana uwezo wa kutafsiri kutoka lugha ile kwenda Kiingereza. Ukienda upande wa Falme za Kiarabu kwa mfano, mambo yanabadilika, huko hati inapitia mlolongo wa mihuri, wizara ya kwetu kwanza halafu ubalozi wao. Sasa mtu wa Uingereza akiandika "safari ya nje" tu anaweza akajikuta anapelekwa kwenye mlolongo wa Falme za Kiarabu, na wa Falme za Kiarabu akapewa tamko la mtafsiri peke yake akafika nalo dirishani likarudishwa.

Nitoe kesi moja niliyoishughulikia, ya dada mmoja kutoka Kondoa. Nitamwita Khadija kwa sababu tahajia ya jina hilo ni sehemu ya kesi yenyewe. Mume wake yuko Uingereza, anaomba viza ya mwenza amfuate. Bahasha yake ya kwanza ilikuja na barua ya aya kama ile ya juu, na ndani kulikuwa na cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, hukumu ya talaka ya ndoa yake ya kwanza kutoka Mahakama ya Mwanzo, barua ya Afisa Mtendaji wa Mtaa na cheti cha kumaliza darasa la saba. Fotokopi zote zilikuwa na muhuri wa wakili, kila ukurasa, ameshalipia. Nilimpigia simu tukaongea kirefu, ikaonekana cheti cha darasa la saba hakihitajiki kabisa kwenye hiyo viza, alikiweka kwa sababu kipo. Cheti cha kuzaliwa cha kwake maandishi yake na kilichojazwa ni Kiingereza tayari, hakuna cha kutafsiri. Cheti cha ndoa alikuwa ametoa kopi upande wa mbele tu. Na muhuri wa wakili haukuwa umeombwa na mtu.

Tukaandika upya barua, safari hii ya orodha, ikatoka hivi:

"KUH: TAFSIRI YA HATI TATU KUTOKA KISWAHILI KWENDA KIINGEREZA KWA AJILI YA MAOMBI YA VIZA YA MWENZA, UINGEREZA

Naambatisha nakala zifuatazo. Hati za asili ninazo mimi, nitazileta mkihitaji kuziona.

1. Cheti cha ndoa, mbele na nyuma, kurasa 2. Kinaonyesha ndoa yangu ya sasa.
2. Hukumu ya talaka ya Mahakama ya Mwanzo, kurasa 4. Inaonyesha ndoa yangu ya kwanza ilivunjwa kabla ya hii ya sasa.
3. Barua ya Afisa Mtendaji wa Mtaa, ukurasa 1. Inaonyesha ninapoishi.
4. Cheti cha kuzaliwa, ukurasa 1. Hiki ni cha kulinganishia majina na tarehe tu, kisitafsiriwe.

Jumla ni kurasa 8, za kutafsiri ni 7.

Naomba tafsiri kamili ya kila hati, mihuri na maandishi ya mkono yakiwemo. Kila tafsiri iwe peke yake na iwe na tamko kwamba ni tafsiri sahihi ya hati ya asili, tarehe, jina kamili la mtafsiri, saini na mawasiliano yake. Muhuri wa wakili kwenye nakala hauhitajiki.

Kwenye paspoti na cheti cha kuzaliwa jina langu ni Khadija, kwenye cheti cha ndoa limeandikwa Hadija. Naomba kila tafsiri ibaki na jina kama lilivyo kwenye hati husika.

Maombi nayapeleka tarehe 20 Machi, kwa hiyo nazihitaji zikiwa zimesainiwa ifikapo tarehe 12 Machi."

Chini yake jina lake kamili kama lilivyo kwenye paspoti, namba ya simu, saini. Haijajaza hata ukurasa mzima.

Ukiziweka hizo mbili pembeni kwa pembeni utaona ya orodha haijashinda kwa sababu ina namba, imeshinda kwa sababu kila mstari umebeba vitu viwili, ni hati gani na inaonyesha nini. Hicho kipande cha "inaonyesha nini" wengi wanakiruka wakidhani mtafsiri hahitaji kujua, kumbe nakihitaji sana. Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo imeandikwa Kiswahili, mara nyingine kwa mkono, na ndani yake kuna maelezo ya mashahidi, mgawanyo wa mali, matunzo ya watoto, halafu mahali fulani kuna sentensi moja inayosema ndoa imevunjwa na tarehe yake. Nikijua kwamba ofisa wa viza anakwenda kutafuta hiyo sentensi na hiyo tarehe ili aone haigongani na tarehe ya ndoa ya pili, nitahakikisha kama mwandiko hausomeki pale nakupigia simu kabla sijaandika "haisomeki" kwenye tafsiri. Hukumu nzima natafsiri vilevile, siruki, ila najua wapi hakutakiwi kubaki shaka hata kidogo.

Idadi ya kurasa nayo ina kazi yake. Vyeti vingi nyuma kuna kitu, muhuri wa aliyetoa, maandishi ya msajili, wakati mwingine masharti yaliyochapwa, na ofisi inayotaka tafsiri kamili ikiona hati ina nyuma na tafsiri haina nyuma inauliza. Ukiandika "mbele na nyuma, kurasa 2" unajilazimisha mwenyewe kugeuza karatasi kabla ya kutoa kopi, na mimi nikipokea kurasa 7 badala ya 8 najua siku hiyohiyo, sio siku ya kukukabidhi kazi. Kama nyuma ni tupu andika tupu.

Hilo la majina nalisisitizia kwa sababu watu wanaomba kitu ambacho hakiwezekani. Wanasema naomba kwenye tafsiri uniwekee Khadija ili ifanane na paspoti. Hapana, tafsiri inafuata hati, cheti kikisema Hadija tafsiri inasema Hadija, na mtafsiri akirekebisha tamko lake la usahihi linakuwa la uongo. Kinachowezekana ni mtafsiri kuweka maelezo ya chini kwamba jina limeandikwa hivi kwenye hati ya asili, na wewe upande wako ukaandaa kiapo kwa wakili kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Hapo sasa ndipo wakili anapohitajika! Khadija hela aliyolipia mihuri ya fotokopi ingetosha kuanzia hicho kiapo, nacho kikiandikwa kwa Kiingereza hakuna haja ya kukitafsiri. Lakini yote hayo mtafsiri anayaona mapema endapo tu umemwandikia kwenye barua kwamba kuna tofauti, na umeambatisha cha kulinganishia.

Tarehe ni hivyohivyo. Sisi 03/04/1994 ni tarehe tatu Aprili, Mmarekani akiisoma ni Machi nne. Kama hati zako zinaenda Marekani waambie kwenye barua mwezi uandikwe kwa maneno.

Sasa je, barua ya aya haina mahali? Inapo, tena kuna kazi nyingine naiona inafaa kuliko orodha. Ukiwa na hati moja au mbili zenye historia ndefu, orodha inakuwa kavu mno. Mfano mtu ana cheti cha ndoa ambacho kililoa maji kona moja na namba imefutika, au mwanafunzi aliyebadilisha jina kwa kiapo katikati ya masomo, au hukumu ambayo ukurasa wa tatu haupo kwenye jalada na mahakama imempa barua kuelezea. Hayo huwezi kuyabana kwenye mstari mmoja, yanahitaji aya iliyotulia inayoeleza nini kilitokea na karatasi ipi inathibitisha. Pia ofisi za umma zinapenda barua yenye sura ya barua. Kwa hiyo mimi ninachowaambia watu ni hivi, kama hati ni moja au mbili na zote zinaenda sehemu moja, andika aya tatu: ya kwanza umeambatisha nini na kurasa ngapi, ya pili zinaenda kwa nani na kwa nini, ya tatu unaomba nini na unakihitaji lini. Zikifika tatu au zaidi weka orodha katikati, na kama kuna hati yenye mkasa weka aya yake chini ya orodha. Khadija aya yake ilikuwa ile ya jina.

Wasap nayo nisiidharau, maana hata mimi naitumia kila siku. Kwa kuuliza bei na kuuliza kama hati inasomeka haina mpinzani, unapiga picha ukiwa zako Makole au Nzuguni unanitumia nakujibu papo hapo. Shida yake ni mbili. Picha ikitumwa kama picha inapunguzwa ubora, maandishi madogo ya kwenye muhuri yanakuwa ukungu, ndiyo maana nawaambia watu waskani wanitumie kama faili, sio picha. Ya pili ni kwamba maelezo yanatawanyika: leo umeniambia ni ya Uingereza, kesho kwa sauti umeniambia usitafsiri cha kuzaliwa, keshokutwa shemeji yako ananitumia ukurasa wa nne kwa namba nyingine, na baada ya wiki mbili tukitofautiana hakuna pa kurejea. Wenye haraka mara nyingi wanachagua wasap wakidhani inaokoa muda, lakini mimi nikihesabu simu za kuulizana baadaye naona ndiyo inayochelewesha. Kama ni lazima iwe wasap, andika ileile barua ya orodha, itume kama faili moja, hati zifuate kwa mpangilio wa namba zilezile na kila faili ipewe jina linaloeleweka, kwa mfano:

```
1_cheti_cha_ndoa_kurasa2.pdf
2_hukumu_ya_talaka_kurasa4.pdf
3_barua_ya_mtendaji_ukurasa1.pdf
```

Nilinganishe na kitu kingine kimoja ambacho watu wa hapa kwetu kinawagusa kwa sababu wizara ziko Mji wa Serikali pale Mtumba wakati balozi ziko Dar. Je, barua moja itembee na vyeti kila ofisi, au kila ofisi iandikiwe yake? Kama unahitaji mlolongo wa mihuri, kila ofisi iandikie yake, hata kama ni mistari mitano. Barua ya mtafsiri inaeleza kurasa za kutafsiri, haina maana kwa wizara. Wizara inataka kujua hati ipi, imesainiwa na nani, inaenda nchi gani. Ukiwapelekea barua iliyoandikwa "naomba mnitafsirie" watakurudisha kwa mtafsiri, na watakuwa sahihi. Na mpangilio wa safari ya hati ni wa kuuliza mapema: kama nchi unayoenda inataka nakala iliyogongwa na wakili pia, gonga kwanza halafu ndiyo utafsiri, kwa sababu muhuri ukiwekwa baada ya tafsiri, tafsiri inakuwa haijataja kitu ambacho sasa kipo kwenye karatasi.

Na kama una sababu mbili tofauti, gawanya. Khadija cheti chake cha darasa la saba alikuwa na wazo la kukitumia baadaye kuombea kozi huko huko. Hiyo ni barua nyingine, siku nyingine, kwa msomaji mwingine. Ukichanganya viza na chuo kwenye barua moja, tarehe ya mwisho ya kimoja inazikwa na ya kingine, na tamko la tafsiri linaweza kuandikwa kwa matakwa ya ofisi isiyo yenyewe.

Wale mnaotuma kutoka Kondoa, Mpwapwa, Manyoni na huko kwingine, iwe kwa basi au kwa EMS ya Posta, tumeni nakala, hati za asili zibaki nyumbani mpaka mtu aseme anataka kuziona, na mstari wa "hati za asili ninazo mimi" usikose. Cheti kilichopigwa lamineshini kisikupe hofu, tafsiri inafanyika kwa nakala, na muhuri wa wakili unagongwa kwenye nakala. Toa barua yako kopi mbili, moja iingie kwenye bahasha juu ya vyeti, nyingine mpokeaji aisaini na kuandika tarehe pale chini ya "jumla ni kurasa 8". Ukiwa mbali omba akupigie picha iliyosainiwa akutumie, hapo wasap inafanya kazi yake vizuri kabisa.